Chini Hapakuwa na Kitu

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri vya magari, katikati ya mji wa Arusha. Miaka ile mtu aliyekuwa na magari mawili ya porini na leseni aliweza kujiita kampuni ya utalii, na bosi wangu alikuwa na magari matatu. Alikuwa mtoto wa wafanyabiashara wa Kondoa, mtu wa maneno machache, aliyeacha biashara ya mahindi pale aliposikia kwamba sasa ruhusa ya kuwapeleka wageni mbugani si ya Serikali peke yake. Mimi nilikuwa karani wake. Nilipanga vyumba vya hoteli, nikaandika ratiba, nikajibu barua pepe, kwa kuwa kompyuta ilikuwa moja na mimi ndiye niliyefundishwa kuitumia.

Barua pepe zilikuja kwa laini ya simu. Asubuhi na jioni nilichomoa waya wa faksi, nikachomeka wa modemu, nikasubiri milio yake ikome, kisha ujumbe ukaanza kushuka mmoja mmoja. Nikimaliza nilirudisha waya wa faksi, la sivyo bosi alilalamika kwamba nimefunga ofisi.

Wageni wetu wengi walitoka kwa wakala mmoja wa Ulaya, mama ambaye hatukuwahi kumwona. Alipokuwa na jambo la kwake mwenyewe aliandika vizuri, aya mbili au tatu, tukaelewana. Shida ilikuwa pale alipotuletea maneno ya wageni wake. Hapo hakuandika upya. Alifowadi tu, akatupelekea ujumbe wao kama ulivyo. Nikifungua, niliona mstari mmoja wa vistari na maneno ya Kiingereza yaliyosema kwamba ujumbe umepelekwa mbele na yeye, tarehe fulani, saa fulani. Chini ya mstari huo kulikuwa na swali lake fupi: "Tazama hapo chini. Mnaweza?" Na chini ya swali hapakuwa na kitu. Weupe mtupu hadi mwisho wa kioo.

Mara ya kwanza nilimwita bosi aone.

"Anauliza kama tunaweza," nikamwambia.

"Tunaweza nini?"

"Hakusema."

Alifikiri kidogo. "Mwandikie tunaweza."

Nikaandika. Hakukutokea kitu. Mgeni alikuja, akaenda mbugani, akarudi, akapanda ndege. Mara ya pili ikawa hivyo hivyo. Bosi akajenga mazoea: swali lolote la mama yule lisilo na kitu chini lilijibiwa ndiyo, hakuna tatizo. Aliamini wazungu wote wanaomba mambo yale yale, chakula kisicho na nyama au mto wa ziada. Tulikosea mara moja tu, na wala si sana: maharusi wawili waliokuwa kwenye fungate walipewa vitanda viwili tofauti hotelini Karatu, kumbe swali lilikuwa la kitanda kikubwa. Dereva wetu alivisogeza vile vitanda vikagusana, akavifunga miguu kwa kamba ya kufungia mizigo, na maharusi wakacheka.

Dereva huyo ndiye mtu wa tatu wa ofisi ile. Alikuwa Mmeru wa Akheri, amenizidi kama miaka kumi, mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri. Mimi nikimwita kaka, yeye akiniita dada.

Mwaka mmoja, mvua za masika zilipokuwa zinaisha, ulikuja ujumbe wa namna ile ile. Mstari wa vistari, tarehe, saa, na swali. Lakini swali halikuwa lile la kila siku. Lilisema: "Je, yeye anakubali?"

Nililisoma mara kadhaa. Kichwa cha ujumbe kilikuwa na jina la mgeni tuliyemtarajia, mzee mmoja anayesafiri peke yake. Nikampelekea bosi.

"Yeye nani?" akauliza.

"Ndiyo tatizo lenyewe, bosi. Kuna mtu anatakiwa akubali, na hatumjui."

"Atakuwa dereva. Mgeni anasafiri peke yake, anataka kujua kama dereva atakubali kumchukua mtu mmoja."

"Dereva akubali nini? Kazi yake si ndiyo hiyo?"

Bosi alikiri kwamba hilo lilikuwa kweli, akaniruhusu niulize. Nikamwandikia wakala kwamba swali lake tumelipata ila maneno ya chini hayakufika, tafadhali ayatume tena. Siku iliyofuata alijibu. Mstari wa vistari, tarehe mpya, saa mpya, na maneno haya: "Nimetuma tena kama ulivyoomba. Mgeni ana wasiwasi sana. Je, anakubali?" Chini, weupe.

Nikaandika tena kwamba sioni kitu. Akajibu kwa baridi kwamba nakala aliyoituma anayo mbele yake na maneno yote yamo. Alikuwa anasema kweli, na mimi nilikuwa nasema kweli, na kila mmoja alimwona mwenzake mzembe. Simu ya nje ilikuwa ghali, bosi hakutaka kuisikia. Siku moja nilikwenda hotelini kuthibitisha vyumba, niliporudi nikakuta amekaa kwenye kiti changu. Alikuwa ameandika kwa vidole viwili: Ndiyo, anakubali. Hakuna tatizo. Karibu.

"Tusipojibu atampeleka mgeni kwa kampuni nyingine," akasema, akainuka.

Ofisi ilikuwa yake. Lakini neno lile "wasiwasi" lilinikaa. Mtu hawi na wasiwasi sana kwa sababu ya mto wa ziada. Kesho yake, saa ya chakula, nikaenda kwa kampuni iliyotuuzia huduma ya mtandao, ambayo nayo ilikuwa chumba kimoja chenye feni na kompyuta zisizo na vifuniko. Fundi wao aliniomba nimwoneshe ujumbe nilioupokea. Nilikuwa nimeuchapa kwenye karatasi. Akautazama kidogo tu.

"Huyu mama hafowadi kama unavyofowadi wewe," akasema. "Wewe ukifowadi, maneno ya zamani yanamwagika ndani ya barua mpya, yanakuwa sehemu yake. Programu ya ofisi yao inauchukua ule ujumbe wa zamani mzima mzima, inaufunga pembeni kama kiambatisho. Ndani ya barua unabaki huo mstari na alichoandika yeye."

"Na kiambatisho kinakwenda wapi?"

"Kwetu kinafutwa. Virusi vimetusumbua sana, na laini yetu ya kutoka nje ni nyembamba. Tumeiamuru mashine itupe kila kiambatisho, barua yenyewe ipite."

"Bila kumwambia mtu?"

"Tulibandika tangazo." Alinionesha mlangoni. Kweli lilikuwepo.

Nikamuuliza kama vilivyofutwa vinaweza kurudishwa. Akasema havihifadhiwi mahali popote, mashine haina nafasi. Njia ilikuwa moja: mama yule asifowadi. Afungue ujumbe wa mgeni, ayachague maneno yote, ayanakili, ayabandike ndani ya barua mpya kama vile ameyaandika yeye. Nikarudi nikamwelekeza hivyo hivyo, hatua kwa hatua, na nikamweleza kwa nini nakala yake ilikuwa nzima na yangu haikuwa.

Jibu lilikuja jioni. Safari hii maneno yalishuka, marefu, yakajaza kioo na kupita. Juu yake mama alikuwa ameandika: "Sasa umeona? Lakini mlishajibu ndiyo, na mgeni anaondoka kesho."

Mgeni alikuwa ameandika kwamba alizaliwa chini ya Mlima Meru. Baba yake alikuwa meneja wa shamba kubwa la kahawa lililopakana na Akheri, kabla mashamba yale hayajachukuliwa na Serikali. Alipokuwa na umri wa miaka tisa alifungua lango la mfereji ili aeleeshe vimashua alivyotengeneza kwa magamba ya migomba. Maji yakaingia kwa nguvu kwenye matangi ya kuoshea kahawa, yakaibeba kahawa ya siku kadhaa mpaka mtoni. Msimamizi wa matangi alifukuzwa siku hiyo hiyo, yeye na mkewe, wakatolewa kwenye nyumba ya shamba. Mtoto alinyamaza. Sasa ni mzee, baba yake amekufa, na angependa kumwambia msimamizi yule kwa mdomo wake kwamba ni yeye. Alitaja jina la msimamizi. Aliomba kampuni imtafute, na kama yu hai imuulize kwa heshima kama anakubali kuonana naye. "Akikataa," aliandika, "ana haki, na mimi sitakuja."

Niliichapa, nikampa bosi. Alisoma polepole, akavua miwani.

"Dereva si anatoka huko?" akasema mwishowe. "Nendeni kesho asubuhi. Muulizeni huyo mzee. Na kama amekufa, mniambie kwanza mimi."

Hakuwa amekufa. Dereva alimjua tangu utoto: alikuwa mzee wa kanisa lao zamani, sasa hatoki sana. Tulimkuta shambani kwake anaing'oa mibuni. Mizizi ilikuwa imelala juu ya udongo, na mahali pake palikuwa na miche ya nyanya. Wanunuzi binafsi, alisema, wanakuja na mizani yao na bei yao, na yeye amechoka kulimia watu wasiomjua.

"Shikamoo, babu," nikamsalimia.

"Marahaba. Huyu ni binti wa nani?"

Dereva akamweleza kwa Kimeru, kisha tukaingia kwenye Kiswahili kwa ajili yangu. Nilimsomea maneno ya mgeni nikiyatafsiri. Alisikiliza akiwa ameshika jembe. Nilipofika pale kwenye mfereji alisema, "Endelea." Nilipomaliza aliliweka jembe chini.

"Anakuja lini?"

"Leo usiku, babu. Yuko njiani."

"Umesema ameandika asipokubaliwa haji."

"Ndiyo."

"Sasa nani amemkubalia?"

Nikamwambia ukweli, kwamba swali lilifika bila maelezo, na ofisi ikajibu bila kujua inajibu nini. Nilijaribu kumweleza mambo ya kiambatisho, nikaona naharibu, nikaacha.

"Mwambieni sikuulizwa," akasema. "Mkishamwambia hivyo, mengine nitafikiri."

Bosi aliposikia alisugua paji la uso. Nilidhani atasema tumfiche mgeni. Badala yake alisema, "Mwambie wewe, binti. Mimi nitamwambia vibaya." Nadhani ilimuuma, kwa namna yake. Kwa siku kadhaa baada ya hapo hakuigusa kompyuta.

Asubuhi nilimkuta mgeni kwenye bustani ya hoteli. Alikuwa mrefu, amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, na alinisalimia kwa Kiswahili cha utotoni, cha amri na majina ya vyakula, kisha akaona aibu, akarudi kwenye Kiingereza. Nilimweleza kila kitu, pamoja na maelezo ya fundi. Alitaka kuuona ujumbe nilioupokea. Nikampa. Aliutazama ule mstari na swali lililokuwa chini yake.

"Hivi ndivyo mlivyoona?"

"Hivi tu."

"Kwa hiyo hajakubali."

"Hajakubali. Hajakataa pia. Amesema atafikiri."

Alikunja ile karatasi kwa uangalifu, akanirudishia. Aliniuliza kama ratiba inaweza kubadilishwa, aende mbugani kwanza, asikae Arusha kama mtu anayemsubiri mzee mlangoni kwake. Nikasema inaweza. Dereva akamchukua. Baadaye aliniambia kwamba mgeni yule alikuwa hatazami wanyama sana. Simba walikuwa karibu kabisa, wamelala barabarani, na yeye alikuwa anauliza matofali ya nyumba za Akheri siku hizi yanatoka wapi.

Walipokuwa huko, mzee alikuja ofisini. Alipanda ngazi peke yake, amevaa koti la kanisani na viatu vilivyosafishwa, akakaa kwenye benchi la wageni. Bosi alitoka chumbani kwake, akamwamkia, akaagiza chai, akabaki amesimama.

"Nataka kuona mahali palipoandikwa kwamba nimekubali," mzee akasema.

Nikamtolea. Kwanza swali, lile la mstari na weupe. Kisha jibu la bosi. Alisoma Kiingereza kwa shida, kidole kikifuata neno, nami nikamtafsiria.

"Jina langu halipo hapa."

"Halipo, mzee," bosi akasema. "Mimi ndiye niliyejibu. Sikujua kama kuna mtu."

Mzee aliirudisha karatasi mezani. "Basi hukunidharau mimi," akasema. "Ulimdharau huyo aliyeuliza." Akanywa chai yake. Alipomaliza aliniambia nimlete mgeni Jumamosi, mchana, baada ya kupiga dawa nyanya, na asije na zawadi.

Nilikwenda na mgeni na dereva kwa sababu ya lugha. Mke wa mzee alituwekea viti mbele ya nyumba na ndizi za kuchemsha na maziwa ya mgando. Mgeni alikaa mbele kabisa ya kiti, magoti yamepanda juu. Alisema aliyokuja kusema. Alisema ni yeye aliyefungua lango, kwamba alimwona msimamizi akifunga godoro kwa kamba jioni ile, na kwamba alitaka kusema akaogopa fimbo ya baba yake. Nilitafsiri sentensi kwa sentensi, nikijitahidi nisiongeze wala nisipunguze.

"Nilijua ni wewe," mzee akasema. "Vile vimashua vilinasa kwenye wavu wa tangi. Nilimwonesha baba yako. Akaviponda kwa kiatu."

Nilipotafsiri hilo, mgeni aliinamisha kichwa. Miaka yote aliamini baba yake alidanganyika kwa sababu yeye alinyamaza. Kumbe baba alijua.

Mzee aliendelea bila kupandisha sauti. Walipotolewa shambani walishuka Kikwe kwa shemeji yake, kwenye joto na mbu wasiouzoea. Mkewe alikuwa na mtoto wa kwanza, wa kiume, anaanza kutambaa. Homa ikamchukua kabla ya mavuno. Amezikwa huko huko, kwenye kiwanja ambacho shemeji alikiuza baadaye.

Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, alitaja jina la mtoto. Kisha akaingia ndani.

Niliyatafsiri hayo pia. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida, na nakumbuka niliishangaa. Mgeni hakulia. Alisema hakujua. Baadaye akauliza kitu ambacho nadhani alikuwa amekibeba kutoka Ulaya: kama anaweza kusamehewa.

Mzee alimuuliza dereva jambo kwa Kimeru, nisilolielewa, dereva akatikisa kichwa.

"Wewe ulikuwa mtoto," mzee akasema. "Wewe sina la kukusamehe. Huyo mwingine, baba yako, hayupo, na hakukutuma. Siwezi kumjibu mtu ambaye hajaniuliza."

Nilipomaliza kutafsiri, mgeni alisema anaelewa. Kisha tukazila zile ndizi. Mzee akamwonesha nyanya zake, na mahali mfereji unapopita siku hizi, kwa sababu ulihamishwa. Mgeni aliuliza maswali ya maji, zamu ni za nani, nani anazisimamia, na mzee aliyajibu kwa furaha kuliko yote yaliyotangulia. Waliagana kwa kushikana mikono. Mke wa mzee hakutoka tena.

Mgeni aliondoka siku moja kabla ya ratiba. Alipofika kwao alimwandikia mzee kupitia kwa wakala, na wakala, ambaye sasa alikuwa amejifunza, aliyabandika maneno yote ndani ya barua. Mgeni aliuliza kama kile kiwanja cha Kikwe kinajulikana kilipo, na kama wenyewe wangependa jina la mtoto liandikwe hapo. Dereva alipeleka karatasi. Akarudi na jibu la mke wa mzee, si la mzee mwenyewe: mwenye kiwanja cha sasa amejenga jikoni juu yake, na yeye hataki ugomvi na mtu, ila anashukuru kwamba mtu ameuliza. Nililiandika vile vile alivyolisema, nikalituma jioni, nikarudisha waya wa faksi.

Bosi aliandika sheria kwa mkono wake, akaibandika ukutani juu ya kompyuta: usijibu usichokiona. Wafanyakazi waliokuja baadaye walidhani ni maneno ya dini. Mimi nilikaa pale mpaka nilipoolewa na kuhamia Moshi. Mzee niliwahi kumwona mara moja tena, sokoni Tengeru, anauza nyanya. Nilimwamkia, akaitikia, akanipimia kilo moja, akaniuliza kama ofisi bado inapata barua zile nyeupe. Nikamwambia siku hizi ni chache.